Mstari wa Tatu

Mimi ni mtoto wa Kapata, mtaa wa Kolwezi, Kongo, wa nyumba zile za kampuni ya madini zilizopangwa safu kwa safu, na sikupewa chochote bure. Nilienda Afrika Kusini na begi moja, nikafagia maduka mchana na kusoma jioni, nikarudi Kolwezi na diploma ya informatika. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila majivuno yangu, mambo haya yasingetokea.

Diploma ile haikutundikwa kwangu. Yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, ni mtoto wa mama yangu mkubwa, naye ndiye aliyenilea baba alipofariki. Aliitia kwenye fremu na kuiweka ukutani mwa studio yake ya picha, mtaa wa Dilala, juu ya mashine ya kuchapisha. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa. "Ule ni mutoto wangu," alisema, ingawa amenizidi miaka tisa tu. Nilijifanya naona haya.

Koperative moja, ushirika wa wachimbaji wadogo, ilimwomba apige picha za kazi machimboni, wageni wanunuzi wazione. Akarudi na picha mia moja na arobaini, zote zimefunikwa vumbi jekundu na jua kali. Kuzisafisha moja moja kungemchukua wiki mbili. Nikamwambia aniachie asubuhi moja.

Niliandika programu fupi ya Python, mistari arobaini hivi. Inafungua folda ya picha, inasoma faili la maandishi lenye maagizo, agizo moja kila mstari, halafu inazunguka: kwa kila picha, inachukua kila agizo, inatuma vyote viwili kwa huduma ya mtandaoni ya kuhariri picha, kwa ufunguo wa siri ulio kwa jina langu, na kinachorudi inakihifadhi kwa jina la picha pamoja na namba ya agizo. Picha asili haiguswi. Huduma ikilalamika kwamba tunatuma haraka mno, inasubiri kidogo na kujaribu tena. Matokeo yakiwa yapo tayari, inayaruka, kwa hiyo umeme ukikatika, na Dilala hukatika, unaianzisha tena nayo inaendelea pale ilipoishia. Kila hatua inaandikwa kwenye daftari la programu, kwa tarehe na saa.

Maagizo yalikuwa mawili. La kwanza: punguza vumbi, rekebisha mwanga, usibadilishe nyuso. La pili: lile lile, lakini picha iwe nyeusi na nyeupe, kwa ajili ya bango.

Kilichonipendeza zaidi ni lile faili la maagizo. Nililiweka nje ya programu makusudi, nikaweka na kitufe kwenye skrini. Nikamwita Yaya nikamwonyesha kwamba hata asiyejua kusoma msimbo wa programu anaongeza mstari wake, anabonyeza, anakwenda kunywa chai. Alicheka, akanipiga bega.

"Weye uko fundi kweli," alisema. "Na mi naweza kuandika?"

Nikamwambia andika unachotaka.

Programu ilimaliza siku ya Jumamosi. Nilikagua picha chache, nilizipenda, nikamwachia kompyuta azipeleke mwenyewe kwa koperative. Jumapili nilikwenda misa na mama.

Baada ya wiki kadhaa, mpangaji wa nyumba ya pili kutoka kwetu alikuja barazani kwa mama. Ni mchimbaji wa koperative ile ile, ametoka Katanga ya kaskazini, mtu mpole, anamwita mama yangu mama na mimi ananitania kwa jina la muzungu wa Kapata. Siku ile hakutania. Jiwe lilikuwa limemwangukia kichwani shimoni, na jicho la kushoto lilikuwa linafifia. Daktari alisema apasuliwe Lubumbashi, na asichelewe. Makubaliano ya koperative yalikuwa wazi: mchimbaji asiyepewa kofia ngumu akiumia, wanamtibu wao. Aliyepewa akaumia, ni juu yake.

Akatoa picha iliyochapishwa vizuri, ambayo koperative ilimwonyesha kuwa ushahidi kwamba alipewa. Ni yeye, pembeni ya shimo, na sululu yake. Kichwani ana kofia ya njano.

"Tata, weye unajua mambo ya picha," alisema, akiniita baba kwa heshima. "Mi sikuvaa kofia hata siku moja. Nani alinivalisha hii?"

Nilitazama nyuma yake kwenye picha. Palikuwa na kibao cha koperative, nakifahamu. Herufi zake zilikuwa zimepinda, mbili zimeungana, moja si ya alfabeti yoyote. Mashine hizi za kuhariri huichora picha yote upya, na maandishi madogo huzishinda. Nilijua kabla sijasimama.

Kompyuta ilikuwa imerudi kwangu siku nyingi, nami sikuwa nimeifungua folda ile tena. Picha mia moja na arobaini, maagizo mawili: yawe matokeo mia mbili na themanini. Yalikuwa mia nne na ishirini. Faili la maagizo lilikuwa na mstari wa tatu, kwa Kifaransa safi cha Yaya: wavalishe wafanyakazi wote kofia ngumu za njano na mabuti. Daftari lilionyesha Jumapili asubuhi, saa ile ile niliyokuwa nimepiga magoti kanisani. Programu iliruka yote yaliyokuwepo, ikafanya mapya tu, bila kosa hata moja. Niliijenga vizuri.

Nilikwenda studio. Alikuwa anakata picha za pasipoti. Hakukana. Alisema karani wa koperative ndiye aliyeomba, ni mambo ya kupendeza wageni tu, hakuna aliyesema habari za jicho la mtu. Nikamwambia basi aje aseme hivyo mbele ya ofisi ya serikali inayosimamia wachimbaji, maana kesi ya mpangaji wetu na koperative ilikuwa inasikilizwa huko Alhamisi. Akaendelea kukata.

Alhamisi alikuja. Alikaa upande wa karani, ameoga, amevaa shati nililomletea kutoka Afrika Kusini. Mama mmoja, afisa wa ofisi ile aliyesikiliza kesi, alimuuliza kama picha ile aliipiga yeye. Akajibu ndiyo, aliipiga kwa mkono wake, na hakuongeza kitu.

Nilifungua kompyuta. Nilimwonyesha mama yule picha asili: mtu yule yule, sululu ile ile, kichwa wazi, herufi za kibao zimenyooka. Nilimwonyesha mstari wa tatu na saa yake. Akasoma polepole, akavua miwani.

"Na programu hii ni ya nani?"

Kabla sijajibu, Yaya alininyooshea kidole, hakunitazama.

"Ni yake. Ufunguo wa ile huduma ni wake, kompyuta ni yake. Yeye njo ana diploma. Mi niliandika maneno tu."

Nimetukanwa Johannesburg kwa lugha tano. Hakuna tusi lililoniingia kama neno lile, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli, na aliyelisema ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Nikasema ndiyo, ni yangu. Mama yule akaandika jina langu kwenye karatasi yake, chini ya jina la koperative, la Yaya akaliandika kama shahidi.

Koperative iliamriwa kumtibu. Mpangaji wetu alipelekwa Lubumbashi wiki iliyofuata. Jicho halikurudi lote, lakini anatofautisha watu, na amerudia kuniita muzungu wa Kapata.

Yaya hajafika kwetu tangu siku ile. Ila alimtuma mwendesha pikipiki na mzigo uliofungwa kwa gazeti. Mama aliufungua mezani. Ilikuwa diploma yangu. Fremu alibaki nayo.