Gemu la Malori la Baba

Baba aliendesha malori ya kwenda mpakani Namanga tangu sijazaliwa. Kisukari kikamla miguu, kikala na jicho la kushoto. Daktari wa macho alisema la kulia linaweza kuvuja damu siku yoyote. Baba hakulalamika. Alitaka kitu kimoja tu: gemu la malori aliloliona kwa jirani, lenye usukani wa plastiki na barabara ndefu. Alitaka kuendesha tena angali anaona.

Nikanunua usukani, nikaunganisha intaneti ya kifurushi cha haraka. Nilipiga hesabu: ndani ya saa tatu tu, gemu litakuwa limeingia. Nilirudi kutoka kazini jioni, nikaanza kulipakua saa moja usiku. Hadi tunakwenda kulala, lilikuwa halijafika hata sehemu ya kumi.

Nikafanya nifanyavyo kila siku kabla ya kulala: nikachomoa kila kitu ukutani, ruta ya intaneti ikiwemo. Hapa mtaani kwetu Sakina umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, huunguza vitu, na mama alitulea hivyo. Kesho yake jioni, nilipotoka kazini, nikachomeka tena, nikaendelea pale pale. Siku tano hivyo. Baba aliketi mbele ya runinga kama abiria anayesubiri basi lililochelewa, akiniuliza limefika wapi. Nami, kwa hasira zangu, nilishinda nikiilaani kampuni ya intaneti badala ya kuuliza. Kuuliza si ujinga, ila mimi nilijiona najua.

Siku ya sita nikamwita fundi. Akapima kasi: ilikuwa ile ile niliyolipia. Akanieleza kwamba kipimo kinazungumza na seva, yaani kompyuta kuu, ya hapa nchini, lakini gemu letu linatoka Marekani, kwa kuwa akaunti ya gemu tulifunguliwa na binamu anayeishi huko. Tena jioni mtaa mzima uko mtandaoni, na saa hizo kampuni huwabana wanaopakua vitu vikubwa.

“Dada, wewe unapakua saa mbaya tu,” alisema. “Saa nzuri zote umezichomoa.”

Akabadilisha seva, akachagua ya Afrika Kusini. Usiku ule nililala bila kuchomoa chochote, na kesho yake nikatoka vivyo hivyo.

Niliporudi, gemu lilikuwa limekamilika tangu saa sita mchana. Baba alikuwa kitini, usukani mapajani. Nikamwamkia, nikawasha. Lori jekundu likatokea barabarani.

“Umewasha?” akauliza.

Nilimtazama. Alikuwa ameelekea dirishani.

Alisema jicho lilianza kujaa wingu jekundu jana yake alasiri, hadi asubuhi ile likafunga kabisa. Hakuniambia, eti nisikose kazi. Tulikimbilia hospitali. Daktari alijitahidi, lakini nuru haikurudi.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nambeba hadi leo. Jumapili iliyofuata Baba aliniwekea usukani mikononi.

“Endesha wewe,” alisema. “Mimi nitasikiliza injini.”

Sijui kuendesha. Nilikwenda polepole, nikimtajia kila kona, naye akiniambia lini nibadili gia.