Mkono Wangu Kwenye Picha ya Mbegu

Mwaka wa kwanza wa duka langu la pembejeo huku Manga niliuza mbegu feki za mahindi bila kujua. Mjane mmoja wa mteremko wa chini alinunua pakiti mbili, akapanda, mvua ikanyesha vizuri, shamba likabaki tupu. Hakunitukana. Alikuja akaketi juu ya gunia la mbolea, akasema, "Mwanangu, mwaka huu tutakula ndizi." Heri angenitukana! Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka macho. Nikaapa kwamba mbegu mbaya haitamfikia tena kupitia kwangu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Msimu uliofuata nilikwenda mwenyewe kwa wakala wa kampuni ya mbegu mjini Kisii, nikanunua pakiti moja, nikakwangua kibandiko chake na kutuma kwa wakaguzi wa mbegu, kwa ujumbe wa simu, namba iliyojificha chini yake. Jibu likaja kwenye simu: aina ya mbegu na namba ya shehena, sawasawa na zilizoandikwa kwenye pakiti. Hiyo ikawa sampuli yangu. Nyuma ya kalenda nikaandika mambo ya kukagua kila muuzaji wa jumla akinitumia picha. Rangi ni ileile? Herufi hazijavimba? Mshono wa mdomo wa pakiti ni wa mashine, au umerudiwa kwa mkono? Uzito, namba ya shehena, tarehe ya kupimwa, vyote vipo? Kibandiko ni kizima? Pakiti za shehena moja zinaweza kuwa nyingi, lakini namba ya chini ya kibandiko haifanani kwa pakiti mbili hata siku moja.

Mvua ikakaribia, wakala akaishiwa. Mjane alipita dukani mara mbili, akaona rafu tupu, akaondoka. Ndipo muuzaji nisiyemjua akanipigia kusema anazo, nami nikamwambia atume picha kwanza.

Zilikuja saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka hata bucha ya ng'ambo siioni. Niliweka sampuli kwenye kaunta nikaanza kukagua. Rangi, sawa. Herufi, sawa. Mshono, sawa. Nilipaswa kufurahi, lakini mwili ulianza kunisisimka, maana hata kikunjo kidogo pembeni mwa pakiti kilikuwa pale pale kilipokuwa kwenye yangu.

Picha ya mwisho ilikuwa ya kibandiko kilichokwanguliwa. Chini yake ameandika, "Mama duka, nimekukwangulia moja upate uhakika."

Nikasoma namba. Nikageuza sampuli yangu, nikasoma. Nikarudia kwa sauti, peke yangu dukani. Ilikuwa namba ileile.

Halafu nikaona kidole gumba kilichoshika pakiti. Ukucha wake umepasuka katikati toka juu hadi chini. Nikauweka wangu kando ya simu. Yesu wangu! Mtu nisiyewahi kumwona alikuwa amenitumia mkono wangu mwenyewe. Nilitupa simu kwenye kaunta nikatoka nje, nikasimama kwenye ukungu nikihisi kuna mtu ananitazama.

Akili iliporudi, nikajiona mjinga. Nilikuwa nimepiga picha hizo mwenyewe, kikunjo, namba, kila kitu, nikazitupa kwenye kundi la simu la wenye maduka: "Mbegu halisi ni hii, jamani, linganisheni." Nilitaka sifa kidogo, sikatai.

Nikamwandikia yule muuzaji: piga nyingine sasa hivi, uweke kijiti cha kiberiti juu ya pakiti. Aliusoma ujumbe. Baada ya muda picha yake ya wasifu ikatoweka, na nikipiga simu haipatikani.

Nikaonya kundi lote. Kabla sijaweka simu chini, mwenye duka la njia panda akapiga. "Dada, mimi nilichukua katoni moja jana. Nimeshauza pakiti nne."

"Kwa nani?"

Akanitajia watatu, kisha akaongeza, "Na yule mama wa mteremkoni."

Tulikwenda wote wawili kwa pikipiki. Tulimkuta shambani, ameinama, amemaliza zaidi ya nusu. Sikumsalimu hata. Nilifukua shimo moja, nikaosha punje kwenye kikombe chake cha maji. Rangi ya kuigiza dawa ya mbegu ilitoka yote. Ilibaki punje ya mahindi ya posho, na tundu la fukusi ubavuni.

Mwenye duka akaanza kuomba msamaha. Mjane hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Nilimkatalia huyu," akasema. "Nilimwambia mimi hununua kwa yule binti tu. Akanionyesha picha. Nikaujua mkono wako."