Siku Nzuri Ambazo Simo

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Bibi aliniuliza swali hilo karibu kila jioni, likizo ile niliyokaa kwake Kwedizinga nikiwa darasa la nne. Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu, na swali la ziada juu yake, hilo lilinishinda. Nilikuwa wapi vipi, wakati tulishinda wote?

Nimelikumbuka mwaka huu, baada ya arobaini ya bibi. Mimi na shangazi tulifungua sanduku lake la bati. Juu kulikuwa na khanga mbili ambazo hazijawahi kufuliwa, na chini, ndani ya mfuko wa nailoni, daftari langu la kurasa arobaini na nane. Limekula vumbi na pembe moja imegugunwa na panya, lakini jina langu bado linasomeka, kwa mwandiko wa mtoto anayebonyeza kalamu kama anachimba shimo. Sikujua kama bibi alilitunza. Nililiacha kwake likizo iliyofuata, nikiwa nimemaliza nalo shuleni, na nilidhani aliliwashia moto.

Lilikuwa daftari la shajara. Mwalimu wetu wa Kiswahili, pale Chanika tulikokuwa tunaishi, alituagiza tuandike kila siku ya likizo, na shule ikifunguliwa atasahihisha. Alikuwa mwalimu mzuri. Nasema hivyo bila kejeli, maana ndiye aliyenifundisha kwamba siku inaweza kuandikwa. Ila alituandikia mfano ubaoni, na sisi watoto sitini tukaondoka nao: "Leo niliamka mapema. Nilipiga mswaki na kuwasaidia wazazi kazi. Mchana nilikula chakula. Jioni nilicheza. Siku ilikuwa nzuri." Alikuwa na msemo wake: "Shajara haina porojo." Tukamtii. Ningeweza kubadilishana daftari na jirani yangu wa dawati na likizo zetu zisijue zimebadilishwa.

Kwa bibi, maisha hayakuwa mapema, chakula na jioni. Kulikuwa na safari ya lamboni kuchota maji, kata ya majani kichwani, na matope yanayopenya katikati ya vidole vya miguu. Kulikuwa na bada, ule ugali wa muhogo unaovutika, ambao siku ya kwanza niliukataa na siku ya tatu nikawa nakomba sufuria. Kulikuwa na kisamvu kinachotwangwa kwenye kinu mpaka jirani akaitikia kwa kinu chake, nyumba mbili zikisemezana. Kulikuwa na mbuzi jike wa bibi aliyetembea uani kama mwenye nyumba, akila maganda na kuchungulia jikoni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoingia daftarini.

Kabla jua halijazama, bibi alikunja miguu mkekani na kunitania.

"Haya mke mwenzangu, nisomee. Mimi herufi hizo ni siafu tu, zinapita."

Nikasoma kwa sauti ya darasani. Niliamka mapema. Nilimsaidia bibi. Siku ilikuwa nzuri.

"Nzuri kwa nani?"

"Kwa wote, bibi."

"Mbona asubuhi ulinuna mpaka mdomo ukafika chini? Siku hiyo nimeisikia. Na wewe ulikuwa wapi?"

Nilikasirika. Nilimwambia shajara ndivyo inavyoandikwa, mwalimu kasema. Bibi akacheka, akaendelea kupepeta mahindi, na ule mlio wa ungo ukanizidi hoja.

Sasa nije kwenye mtungi. Bibi alikuwa na mtungi wa udongo aliorithi kwa mama yake, ukikaa juu ya mafiga matatu yasiyotumika, pembeni ya mlango wa jiko. Maji yake yalikuwa baridi kuliko ya ndoo na yalikuwa na ladha ya mvua ya kwanza. Siku moja bibi alisema mtungi uliojaa hauna sauti. Alikuwa anamsema jirani mmoja mwenye maneno mengi, lakini mimi sikuwa mtoto wa kuacha msemo upite bila kupimwa. Alipokwenda shamba nikachukua mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu. Nikagonga. Ukatoa sauti. Nikafurahi, nikataka kusikia tena vizuri.

Maji yalitoka polepole kwanza, kwenye ufa mwembamba kama unywele. Halafu upande mzima ukaachia.

Bibi aliporudi nilimwambia ni mbuzi. Aliangalia vigae, akaangalia mbuzi, akaniangalia mimi. Kisha akamsema mbuzi kwa Kizigua maneno ambayo sitayaandika hapa, akamfunga kwa kamba fupi kwenye kigingi nyuma ya nyumba. Vigae akaviokota kimoja kimoja, akavipanga chini ya ukuta. Jioni ile nikaandika, kwa kalamu ya wino: "Leo mtungi wa bibi ulivunjwa na mbuzi. Tulisikitika sana. Tumejifunza kutunza vyombo."

Nikamsomea.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Safari hii sikumtajia mwalimu; nilifunga daftari.

Mbuzi alilia siku mbili. Alizoea kuzurura, na kamba ilimfikisha kwenye maganda kwa pua tu. Siku ya pili nikageuza daftari, nikaanzia ukurasa wa mwisho, kwa penseli, mahali ambapo mwalimu hafiki. Bibi nilimtoa hesabuni: herufi kwake ni siafu. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza maishani, niliandika bila mtu yeyote begani. Nanukuu kama ulivyo, na makosa nimeyarekebisha machache tu:

"Ni mimi. Nilitaka kusikia. Mchi ulikuwa mzuri mkononi. Sauti ya kwanza ilikuwa dii, ya pili sikusikia kwa sababu maji yaliniingia kwenye ndala. Bibi anaokota vigae kama anaokota mayai. Mbuzi ananiangalia. Nilimcheka alipofungwa, kidogo tu. Sijui kwa nini nilicheka. Leo bibi kanywa maji ya ndoo akatema."

Nimesoma ukurasa ule mwaka huu nikiwa nimechuchumaa mbele ya sanduku, na nimemwona bibi akitema maji. Katika kurasa nyingine thelathini hayupo. Kuna mtu anaitwa bibi, anasaidiwa kazi. Ndipo nikaona uongo wa zile kurasa ulivyofanya kazi. Ukiacha ule wa mbuzi, kila sentensi ilikuwa ya kweli. Niliamka mapema kweli. Lakini zilichaguliwa na jicho la mwalimu: kinachofaa kuonekana kinabaki, mnuno unaondolewa, na siku inafungwa kwa funzo ili msahihishaji aweke alama ya vema. Muhtasari unaisimulia siku ikiwa imeshakwisha na imeshatulia. Wakati ninaiishi, mimi sikujua kama ni nzuri.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sijaacha. Nimepita chuo kikuu, nimejifunza kuhoji kila chanzo cha habari isipokuwa mimi. Shajara yangu ya siku hizi iko kwenye simu, na siku ya mazishi ya bibi niliandika hivi: "Leo tumempumzisha bibi yetu mpendwa. Ilikuwa siku ngumu lakini familia imeonyesha umoja. Nashukuru kwa malezi yake. Nimejifunza kuthamini wazee." Bibi yetu mpendwa! Nani anajiambia hivyo akiwa peke yake? Lilikuwa tangazo, na hakuna mtu aliyeniomba tangazo.

Nilikwenda kukaa ukutani, pale vigae vilipokuwa, nikaiandika upya ile siku ya mazishi. Nilianza kwa kufuta kila neno ambalo mjukuu yeyote angeweza kuliandika kwa bibi yeyote. Hakikubaki kitu. Basi nikaacha kuanzia asubuhi. Nikashika kitu kimoja nilichokuwa na hakika nacho, kikombe, nikaona kitanivuta wapi. Sikujieleza bibi ni nani, maana ninamjua. Nilipotaka kutia maneno mazuri ambayo sikuyasikia siku ile, niliyaacha. Nisichokumbuka nikakiandika kuwa sikumbuki. Ilikuwa ngumu kuliko mitihani yangu yote, kwa sababu mkono ulikuwa unataka kukimbilia funzo.

"Shangazi kaosha kikombe cha bibi. Kilikuwa na alama ya mdomo ukingoni, nilikuwa nimeiona asubuhi. Nilimchukia, dakika nzima. Wanawake wanalia mimi nawaza chai. Nani alisoma dua sikumbuki, nakumbuka soksi zake zimetoboka. Jumanne bibi alipiga simu. Niliiona inaita. Nilikuwa naangalia video ya mtu anapika. Nikasema nitampigia. Sikupiga Jumanne, sikupiga Jumatano. Alhamisi alfajiri kapiga baba. Sijui alitaka kuniambia nini. Sijui kama tutaonana huko, na siwezi kusema hivyo mbele ya baba."

Nikasimama hapo. Sikuongeza kitu, ingawa vidole viliendelea kutafuta sentensi ya kufungia. Nililia kwa mara ya kwanza tangu msiba, na wala hakikuwa kilio cha kupendeza.

Sasa nyumba ya Kwedizinga imefungwa kwa kufuli. Kinu kimechukuliwa na jirani, nacho ni halali yake, maana alikiitikia miaka mingi. Maji ya bomba yamefika karibu, na watoto wa pale hawajui ladha ya maji ya mtungi. Sijawahi kuipata tena popote. Lakini ninao ule ukurasa wa penseli, na nashukuru, kwa sababu ulinionyesha sauti yangu mapema kuliko nilivyostahili.

Kuna mambo mawili ambayo utotoni niliyaona nikayapita. Asubuhi baada ya kuandika ukurasa ule, bibi alimfungua mbuzi. Alimpigapiga shingoni akasema, "Nenda, mama. Umeonewa." Nilidhani adhabu imeisha muda wake. Na tangu jioni ile aliendelea kunitaka nimsomee, nikaendelea na siku zangu nzuri, lakini hakuniuliza tena nilikuwa wapi. Nilidhani amechoka na swali.

Mwezi uliopita nilipanda Bungu, anakoishi shangazi, kumpelekea khanga mojawapo. Tulikuwa tunamenya viazi, nje ukungu umefunika migomba. Nikamsimulia habari ya mtungi, jinsi nilivyojificha ukurasa wa nyuma bila wasiwasi kwa kuwa bibi hakujua kusoma.

Shangazi akaacha kisu.

"Nani hakujua kusoma?"

"Bibi."

"Mama yangu mimi? We mtoto!" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko. "Nilipoolewa huku hakukuwa na simu. Nilimwandikia kila mwezi, na kila mwezi alinijibu, kwa mkono wake mwenyewe."