Fungu la Mzaliwa wa Kwanza

Mwaka ule Tekla wangu alikuwa ameposwa, na harusi ilipangwa baada ya mavuno. Kwa hiyo mdogo wangu Masolwa alipofika kwangu Ntalikwa asubuhi, na vumbi la barabara limempaka hadi magotini, nilidhani amekuja kuzungumza mambo ya mjomba. Bila mjomba binti haolewi vizuri kwetu, hata akipitia kanisani.

Hakuja kwa hilo. Mwanawe Masele alikuwa mgonjwa wa homa kwa wiki tatu. Walikuwa wamekwenda kwa mfumu, mpiga ramli wetu, na mfumu akapasua kuku, akatazama matumbo, akasema marehemu baba yetu ana njaa na ana huzuni, anataka watoto wake wote wasimame kaburini pake.

"Wewe ndiwe mzaliwa wa kwanza, dada," akasema. "Kibuyu cha lwanga utashika wewe. Mbuzi nimeshampata, mweusi mwenye doa jeupe kifuani, kama alivyoagiza mfumu. Ni Jumatano. Nimeshawaambia watu kwamba utakuja."

Lwanga ni unga wa mtama uliokorogwa na maji. Mwenye kibuyu ndiye anayewaita wafu kwa majina, ananyunyiza, kisha mbuzi anachinjwa, na kila ndugu anavishwa kipande cha ngozi yake kidoleni. Nilikulia humo, nayajua. Ndiyo maana moyo ulinichoma. Nimebatizwa miaka kumi na sita, na Masolwa alikuwepo siku ile, alikula pilau yangu. Leo amenitangaza kijijini kwake Igalula kote kabla ya kuniuliza.

"Umewaambia watu, mimi hujaniuliza," nikamwambia.

"Dada yangu nimwulize kama ni dada yangu?"

Nikamwomba anipe siku mbili, nami nitamletea jibu mwenyewe, kwa miguu yangu. Hakupenda, ila alikubali. Akamsalimu Tekla, akamtania kwamba mchumba wake ana shingo kama ya kanga, akaondoka.

Josepha, jirani yangu, alikuwa anapepeta karanga uani kwake na masikio yake kwangu. Kabla jua halijapanda sana, Mwalimu Raymundi, katekista wetu, alikuwa na habari. Nilipofika kanisani jioni kwa rozari alinisimamisha mbele ya wanawake wote.

"Mama Nikolaus, nasikia unakwenda kuita mizimu. Jina lako likitoka katika orodha ya komunyo usinilaumu."

Sikuwa nimefanya lolote, hata ndiyo sikuwa nimetamka. Nilikaa hadi watu wakatawanyika, nikamfuata. Nikamwambia, "Mwalimu, umenihukumu. Sasa nifundishe. Nini hasa nisifanye?"

Alikuna kidevu, akaeleza, na kwa haki alieleza vizuri. Nisishike kibuyu. Nisitaje majina ya wafu kwa kuwaomba. Nisinyunyiziwe, nisivae ngozi, nisile nyama iliyotolewa kwa wafu nikijua kwamba ilitolewa. Kumtembelea mgonjwa si dhambi, kumpikia na kumwuguza si dhambi.

"Na nikikaa tu uani, bila kugusa?"

"Wewe ni mzaliwa wa kwanza. Ukikaa, watasema umekubali. Na wachanga wa imani wakikuona, watafuata."

Hapo alisema kweli, na iliniudhi kwamba ni kweli. Nikaamua kutokwenda Jumatano. Lakini pia nikaamua sitatuma mtu, wala sitajisingizia ugonjwa. Uongo ungenitoa kwa mdogo wangu bila hata kuniingiza kwa Mungu.

Jumatatu nilipanda treni na kapu la unga wa muhogo, karanga, na kwinini niliyopewa dispensari. Igalula nilimkuta Masele chali kwenye ngozi ya ng'ombe, macho yamezama. Nilimwosha kwanza, nikampa dawa, nikampikia uji. Ndipo nikatoka uani walipokaa Masolwa na shangazi yetu Ngollo, dada wa baba, mwanamke mwenye ulimi wa kisu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Hao mapadre wanawalisha maombi?"

"Tunakula, shangazi. Ni jembe linalonikondesha." Kisha nikapiga magoti, maana neno zito halisemwi kwa kusimama. "Masolwa, asante kwa kuniita. Hukunisahau. Lakini Jumatano sitakuja. Kibuyu siwezi kukishika, na nyama yake siwezi kuila. Nimemwahidi Mungu mmoja. Kabla na baada ya siku hiyo, nitume popote kwa ajili ya mtoto, nitakwenda."

Masolwa alitazama mlango wa nyumba. "Basi mtoto akifa, useme ulikuwa unasali."

"Usiniwekee maiti mikononi," nikamwambia, na sauti ikapanda kuliko nilivyotaka. "Nimemwosha sasa hivi. Wewe umemwosha lini?"

"Na harusi ya Tekla utafute mjomba huko kanisani."

Nikainamisha uso, maana ningemtazama ningelia, na kwa hasira niliyokuwa nayo sikutaka kulia mbele yake.

Shangazi Ngollo alitema tumbaku pembeni, akanigeukia. "Mfumu alisema marehemu ana huzuni. Huzuni si njaa, mbuzi haiondoi; huletwa na watoto wanaochukiana. Vene, una kinyongo na ndugu yako?"

Ningeweza kukana. Nikasema, "Ninacho. Baba alipokufa walimzika asubuhi, treni yangu ikafika adhuhuri. Nilikuta udongo umeshasawazishwa. Miaka tisa nimekisaga."

"Jua lilikuwa kali," Masolwa akasema taratibu. "Mwili haukungoja. Nilimwambia baba mkwe wako akueleze."

"Hakunieleza."

"Nami nilidhani unajua, na umenuna kwa sababu ya dini."

Shangazi akanyanyua kata ya maji, kama ilivyo desturi, nisukutue na kutema ili kinyongo kitoke. Nikamzuia mkono kwa adabu. "Nisamehe, shangazi. Nitasema kwa mdomo mkavu. Masolwa, sina tena neno juu yako."

Akaitazama kata, akanywa yeye. "Maneno yanatoka hata bila maji," akasema. "Kibuyu nitashika mimi. Yeye alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yenu."

Masolwa hakunisindikiza stesheni. Nilirudi nyumbani nisijue kama Tekla bado ana mjomba.

Jumatano nilishinda shambani nikilima matuta ya viazi. Ijumaa Masolwa akaja mwenyewe, na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na paja la mbuzi lililokaushwa moshini, fungu la mzaliwa wa kwanza.

Nilianza kutikisa kichwa. Akanizuia.

"Huyu si yule mweusi. Huyu ni beberu mwekundu, nilimchinja Jumanne nje ya boma, hakuna aliyetaja jina la mtu juu yake. Kula. Kanga yule wa Tekla nimemwandalia jembe la mjomba. Mahari tutaongea nikija na shangazi." Homa ya Masele ilikuwa imeachia, akasema. Yeye anasema ni baba. Mimi nasema ni Mungu na kwinini. Hatukubishana.

Nyama ilipochemka Josepha akaja kuomba moto, na nyuma yake Mwalimu Raymundi, eti anapita. Akainusa sufuria.

"Mama Nikolaus, hiyo ni nyama ya Igalula?"

"Ni ya Igalula. Haikutolewa kwa mtu. Ndugu yangu ameniambia."

"Na wewe unaamini neno la mpagani?"

Nikafunika sufuria. "Mwalimu, Masolwa alichinja mbuzi wawili ili mimi nisitende dhambi. Wewe ulinitangaza mbele ya watu kwa neno la mtu aliyekuwa anapepeta karanga. Nikuulize mimi, niamini la nani?"

Josepha alitazama chini. Nilimpa kaa la moto aondoke nalo, na Mwalimu nikamkaribisha ale. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akanawa mikono.