Miwani ya Rubani

Kaka yangu aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwandani, na abiria wake walimwita Rubani kwa sababu ya miwani. Ilikuwa nyeusi tititi, ya kununua kwa wachuuzi, na ikivunjika alitafuta nyeusi zaidi. Nilikuwa nikimwambia, "Kaka, hiyo si miwani, hilo ni pazia," naye anacheka na kunigonga kisogoni kana kwamba bado nina miaka sita. Alikuwa mtu wa raha zake, mpenda viatu vilivyong'aa na shati lililopigwa pasi, na Jumapili yote alikuwa kando ya ziwa na ndoano yake, hataki kuongea na mtu.

Mimi kazi yangu ni kukata na kufunga lenzi katika duka la miwani, kwa hiyo mambo haya yananikera kuliko wengine. Siku moja nilimnyang'anya ile miwani, nikaenda nayo dukani, nikaiweka kwenye kipimo. Loo! Ilikuwa inapitisha karibu mionzi yote ya UV, ile mionzi ya jua isiyoonekana inayolila jicho polepole. Watu hudhani weusi ndio kinga. Kinga ni kitu kingine kabisa, hata lenzi nyeupe pee inaweza kuwa nayo. Weusi usio na kinga unaidanganya mboni: inaona kiza, inafunguka kama mlango, na mionzi inaingia bila hodi. Afadhali angeendesha macho wazi akakunja uso. Na huyu ni mtu ambaye asubuhi akienda jua liko usoni, jioni akirudi liko usoni, na Jumapili anayakodolea maji yanayomrudishia jua lile lile. Nilikasirika mpaka nikaikanyaga.

Nikamtengenezea nyingine mwenyewe. Lenzi za kahawia, kinga kamili ya UV, na utando wa polaraizi. Mwanga unaoruka kutoka kwenye kitu kilicholala, kama maji, lami iliyolowa au boneti ya gari, nao huja umelala. Utando huo ni kama uzio wa fito zilizosimama: mwanga uliolala haupenyi. Ukivaa ziwani, ule mng'ao wa juu unafutika, unaona mpaka mawe ya chini. Ukivaa barabarani, lami inaacha kukuchoma macho.

"Safi kabisa, mdogo wangu," alisema kila nilipomuuliza. "Mungu akuzidishie." Nikavimba kichwa. Hata binti yangu, anayefanya kazi kiwandani na hupanda basi hilo, nilimwambia sasa mjomba wako anaona kama tai.

Kisha wifi yangu akanipigia simu. "Njoo umwone mwenzio. Amenunua tena ile nyeusi, na anaivaa juu ya hii yako. Mbili kwa pamoja! Nikimuuliza ananifokea."

Mtu aliyepata dawa haendi kuongeza sumu juu yake.

Jumapili nikamfuata ziwani. Nilichukua lenzi moja ya dukani, ya duara, haijakatwa, ile tunayowaonyeshea wateja. Uzuri wa duara ni kwamba haina juu wala chini. Ninayejua ni mimi, kwa alama ndogo pembeni. Jua lilikuwa limeinama mbele yetu na ziwa lote linawaka. Nikaishika mbele ya jicho langu, nikaizungusha polepole. Ikikaa sawa, maji yanakuwa kioo, naona kokoto na mzizi uliozama, na hakuna samaki hata mmoja. Ikigeuzwa robo mzunguko, mng'ao unarudi wote, huoni kitu chochote chini.

Nikaiweka mbele ya miwani yake, ikiwa imegeuzwa vibaya makusudi, ili fito zipishane na zile za utando wake na asione ila giza.

"Hebu niambie, kaka. Samaki unawaona?"

"Nawaona." Hakusita hata kidogo. "Watatu. Mmoja mkubwa."

Nikaizungusha ikakaa sawa. "Na sasa?"

"Hao hao tu. Mbona unanisumbua na kiduara chako?"

"Vua miwani unitazame."

Alikataa. Nikamvua mwenyewe, zote mbili, na hakunizuia; hapo ndipo nilipoogopa kweli. Katikati ya jicho la kushoto palikuwa na weupe, kama tone la maziwa. La kulia nalo lilikuwa limeanza. Mtoto wa jicho.

"Tangu lini?"

"Kivulini naona vizuri," alisema. "Hata taa za breki naziona. Ila jua likinikabili, kila kitu kinageuka uji. Nilidhani ni barabara. Nilidhani nikipata miwani nyeusi zaidi..."

"Mng'ao hauko barabarani tena, kaka. Uko ndani ya jicho. Hakuna lenzi inayofika huko. Madaktari wanautoa huo ukungu, ni kazi ya asubuhi moja, lakini kwanza unarudisha funguo. Unabeba watoto wa watu! Unambeba mwanangu!"

"Wakijua kazini nimekwisha."

"Na ukiwaua?"

Alilia, kaka yangu. Sikuwahi kumwona akilia, nami nikalia pamoja naye kama mjinga. Mwisho akaapa kwa jina la mama kwamba kesho hagusi usukani. Nikamwamini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami nikajidanganya kwamba hiki cha ziwani ndicho kilio chenyewe.

Asubuhi nilimsindikiza binti yangu kituoni, nimwone tu dereva mpya niondoke na amani. Basi likaja. Kwenye usukani alikuwa kaka, shati limepigwa pasi, miwani mbili usoni. Binti alishapanda kabla sijafungua mdomo. Nikajirusha ndani, mlango ukafungwa nyuma yangu na gari likaondoka.

"Kaka!"

"Ya mwisho, dada," alisema chini chini, hakugeuka. "Nikifika namkabidhi meneja funguo mkononi. Usiniaibishe mbele ya watu."

Basi lilikuwa limejaa. Nikajibana nyuma ya kiti chake. Tukatoka mjini kwenye kivuli cha majengo, na nakiri aliendesha vizuri. Kisha barabara ikapinda kufuata ziwa na jua likatumiminikia kioo kizima.

Hapo konda, mtu mzima mwenye kitambi, aliyesimama mlangoni, akaanza kupaza sauti. "Kushoto kidogo, Rubani, tusimpige busu mwenye baiskeli! Haya, nyoosha, nyoosha! Mbele kuna bibi na ndoo, mpe heshima yake, punguza!"

Basi zima likacheka. Binti yangu akaniinamia sikioni. "Mama, huyu konda! Kila siku jua likitoka anaanza vichekesho vyake."

Nilitazama mikono ya kaka. Konda akisema kushoto, usukani unaenda kushoto. Konda akinyamaza, mikono inaganda. Watu arobaini walikuwa wanacheka kila asubuhi, na hakuna aliyejua anacheka nini.

Nyuma mama mmoja akapiga kelele, mzigo umemwangukia kichwani. Konda akaacha mlango, akajipenyeza kwenda kusaidia. Mbele yetu barabara ilikuwa inakata kulia, na baada ya ukingo ni maji.

Mikono haikusogea.

"Kulia!" nilipiga yowe. "Kaka, kulia!"

Usukani ukazunguka, tairi likakwaruza ukingo, abiria wakashangilia. "Leo konda kapata msaidizi!" mtu alisema, wakaangua kicheko.

"Asante," kaka alinong'ona. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Endelea kusema, dada. Usinyamaze."

"Simama. Weka gari pembeni, hapa hapa!"

Mguu wake ulikuwa bado kwenye mafuta.

"Hapa wapi?" aliniuliza.