Barua ya Kuvuka Ua

Mzee Castory alikuwa karani wa masjala kwa miaka mingi, na hata baada ya kustaafu masjala haikumtoka. Mwanvita, muuguzi aliyepanga nyumba yake ya uani pale Bigwa, alipomwambia kwamba ukuta wa chumba cha mama yake umepasuka, hakutoka kwenda kuutazama. Aliandika barua.

Ilikuwa barua hasa, yenye anwani na “Yah:” iliyopigiwa mstari. Ukaguzi wa nyumba ungefanyika Jumamosi, tarehe 12 Aprili, saa 4:00 asubuhi. Mkaguzi angewasili kati ya saa 3:45 na saa 4:15, na mpangaji alitakiwa awepo mwenyewe. Akaivusha ua wiki nzima kabla, Mwanvita akaisainia. Mkaguzi, bila shaka, alikuwa Castory. Usiku ule alilala akijiona mwenye nyumba wa kisasa.

Siku ilipofika akavaa suti. Kukatiza ua na suti, akipishana na kuku, aliona kunamshushia hadhi, kwa hiyo akazunguka ili aingilie geti la nyuma, kama wafanyavyo wakaguzi. Barabarani palikuwa na turubai: kwa jirani yake Abeid kulikuwa na msiba. Msiba haupitwi, tena na mtu aliyevaa suti. Waombolezaji walidhani kaivaa kwa ajili yao. Akatoa pole, akapewa kiti, akaletewa kahawa. Hakuthubutu kusema ana miadi nyumbani kwake mwenyewe. Alinyanyuka saa tano imeshapita, akijilaani kimoyomoyo: mjinga gani huyu anayechelewa kufika uani kwake?

Alimkuta Mwanvita kwenye sare, anafunga mlango wa chumba chake. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, na ruhusa ilikwisha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Nitakuandikia barua nyingine.”

Mwanvita akautia ufunguo mkobani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Castory zaidi.

“Usiandike, mzee. Ufa umetokeza hadi nje, unaonekana kutoka dirishani kwako. Mama analala chini yake na mvua hizi. Mimi sikuomba ukaguzi. Niliomba utazame.”

Akaenda kazini. Castory akakatiza ua na suti yake, kuku wakimpisha, akaingia chumbani kwake na kusogeza pazia. Ufa ulikuwepo, mpana, umeshuka kutoka kwenye paa hadi usawa wa kitanda. Aliona aibu, ile ya kumfanya mtu mzima akae kitandani bila kuvua viatu. Kila asubuhi alifungua dirisha lile, akatazama wingu limekaaje juu ya Uluguru, akasifu mandhari.

Alimpigia simu fundi. Kisha akarudi uani, akabisha hodi, akamwomba mama yake Mwanvita ahamie sebuleni kwake mpaka ukuta upone. Bibi akamuuliza, kwa upole kabisa, ahame saa ngapi.

“Sasa hivi, mama,” akasema Castory, akainama kubeba godoro.