Pointi Kumi za Papa Anatole

“Miye, Anatole, hakuna muntu mwenye alishakula deni yangu akalala nayo! Si wa Kalemie, si wa Kabimba, si wa Mpala. Mukimupata, munileteye, nitamulipa bia!”

Aliyasema hayo kwa sauti, chupa mkononi, kwenye karamu ya ubatizo wa mjukuu wake, padri akiwa bado hajamaliza wali wake. Watu walipiga makofi. Nusu yao walikuwa na deni lake, kwa hiyo walipiga kwa nguvu zaidi.

Duka la Papa Anatole lilikuwa hapa Kalemie, hatua chache kutoka ufukoni mwa ziwa, pale wavuvi wa ndagala wanapofikisha samaki asubuhi. Aliuza petroli ya taa, soksi za karabai, kamba, nyuzi za kushonea wavu, sabuni. Na wateja wake wote walikuwa na ugonjwa mmoja: ndagala huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa unang’aa. Kwa hiyo mvuvi hutajirika wakati wa giza, na mwezi ukirudi anakuwa maskini mwenye deni la bia. Giza jipya likianza hana hata petroli ya kuwasha. Ukimunyima mkopo, haendi ziwani. Asipoenda ziwani, nawe humuuzii kitu.

Wenye maduka wengine walikuwa wanaangalia uso wa muntu, au kabila lake, au namna alivyovaa Jumapili. Papa Anatole aliangalia pointi. Mwenye chombo au wavu wake mwenyewe, pointi tatu. Aliyelipa deni ya giza lililopita kabla mwezi haujaisha, tatu. Mwenye bibi au watoto hapa hapa mjini, moja, maana muntu hawezi kutoroka na marmite, sufuria za nyumba nzima. Na mwenye mudhamini asiyekuwa na deni la zamani, tatu. Jumla kumi.

Wa pointi nane kwenda juu alikopeshwa mali ya thamani ya beseni kumi za ndagala. Wa tano mpaka saba, beseni nne. Chini ya hapo, hakuna mkopo, franga mkononi. Miye mwenye kuwasimulia haya nilikuwa na pointi moja, na hiyo ilikuwa ya watoto ambao si wangu.

Deni ilihesabiwa kwa beseni kwa sababu ilikuwa mwaka wa 1992, na pesa yetu ya zaïre, ya Jumatatu haikununua Ijumaa kitu ilichonunua Jumatatu. Samaki hakuwa na ujinga huo.

Kudai ilikuwa kazi ya bibi yake, Mama Dorothée. Alisimama ufukoni na beseni yake kabla ya wanunuzi kufika, akachukua ya duka kwanza. Aliyechelewa, Mama Dorothée alimutembelea nyumbani, akaketi, akaomba maji, akaulizia afya ya watoto, hakutaja deni hata kidogo. Mara ya pili aliitaja. Mara ya tatu alienda kwa mudhamini. Hakuhitaji mara ya nne.

Basi giza la mwezi wa nane likakaribia, na Siméon akaja dukani. Siméon alitoka upande wa Baraka, kaskazini ya ziwa, akajenga hapa nyumba ya matofali na bati, akamuoa Bertille. Chombo chake, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, alikimiliki nusu kwa nusu na ndugu wa kwao aitwaye Edouard, kijana asiye na bibi.

“Papa Anatole, wavu mupya umefika toka Kigoma. Ule wetu umekuwa kama kanzu ya maskini. Nataka wavu na petroli ya giza nzima.”

“Hiyo yote njo beseni ngapi?”

“Makumi mbili.”

“Mupaka wako ni kumi, Siméon. Hata mukwe wangu mupaka wake ni kumi.”

“Basi kumi ziandike kwangu, kumi kwa Edouard. Miye ninamudhamini yeye, yeye ananidhamini miye. Hakuna mwenye deni ya zamani.”

Papa Anatole alihesabu kwa vidole. Siméon kumi. Edouard tisa, kwa kuwa hana bibi. Alitabasamu kama muntu aliyekuta hesabu imejifanya yenyewe.

Mama Dorothée alikuwa anapima sabuni. Hakugeuka.

“Baba Christiane,” alimuita mume wake kwa jina la mtoto wao, “hao wanalala katika chombo kimoja. Kikizama, mudhamini utamudai wapi? Chini ya maji?”

“Wee mama, unaanza kuleta mikosi dukani?”

“Ninauliza tu. Pointi za upepo umeziweka ngapi?”

Siméon alicheka. Papa Anatole naye alicheka, akamupa. Na petroli ile haikuwa yake. Alikuwa ameichukua kwa mkopo kwa Papa Ilunga, muuzaji wa jumla kule mjini kati, kwa ahadi ya kulipa mwisho wa giza hilo. Duka lenyewe ndilo lilikuwa rehani.

Usiku wa nne upepo wa kusini ulishuka. Vyombo vingine vilirudi mapema. Cha Siméon kilikuwa na wavu mupya ndani ya maji, na muntu mwenye deni ya wavu hakati kamba. Mbao zilipatikana karibu na Kabimba. Siméon, Edouard, na vijana watatu wa kuvuta wavu, hakuna aliyepatikana.

Siku ya kufunga kilio, kaka ya Siméon, Papa Pierre, alisimama katikati ya watu akasema lile ambalo husemwa:

“Kama kuna muntu marehemu alikuwa na deni yake, aseme leo. Mwenye kunyamaza, amesamehe.”

Watu waliangalia chini. Fundi wa mitumbwi alinyamaza. Muuza chumvi alinyamaza. Papa Anatole alikuwa amepata ujumbe wa Papa Ilunga asubuhi hiyo: petroli ilipwe, ama funguo za duka. Akasimama.

“Beseni makumi mbili.”

“Makumi mbili?” Papa Pierre aliuliza. “Si alichukua kumi?”

“Kumi zake. Na kumi za Edouard. Alimudhamini.”

Hapo watu waliinua macho. Bertille, kichwa kimenyolewa, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Papa Anatole, na miye leo uko unanipatia pointi ngapi?”

Muntu mumoja alicheka, akajuta. Ukizipiga hesabu: chombo hakuna, mudhamini hakuna, deni la zamani lipo. Moja, ya watoto.

Kesho yake alimutuma Mama Dorothée kwenda kudai. Mama Dorothée alijifunga kitenge vizuri, akaketi.

“Hiyo enda wewe.”

Papa Anatole akaenda mwenyewe, na ngazi, na fundi wa kung’oa misumari. Papa Pierre alikuwa amekubali: familia haina samaki, haina franga, ina bati. Walishusha kumi na nne. Bertille alitoa vyombo vyake nje akavipanga ukutani, akawaita watoto wasikae chini ya misumari inayoanguka. Juma hilo hilo alipanda mashua ya kwenda Baraka, kwa wazazi wa mume, na kuta zikabaki.

Wavuvi walilipa madeni yao yote mbalamwezi hiyo, hata wale wabaya. Walilipa, wakashukuru, wakahamia maduka mengine. Hakuna aliyegombana naye. Walimusalimia kila asubuhi, “Jambo, Papa,” wakapita.

Bati zilipangwa mbele ya duka, zimeegemea ukuta. Hata zikiuzwa zote hazifiki nusu ya petroli ya Papa Ilunga. Papa Anatole aliandika bei kwa chaki kwenye ya kwanza. Bati moja, lenye matundu ya misumari, zaïre milioni moja na laki mbili.